Seti moja ya vyuma, mteja mmoja: kuanza huduma ya kucha ya kuzunguka majumbani

*"Shikamoo dada. Nimefanya kazi ya kucha mwaka mmoja kwenye saluni ya mtu, sasa nataka nijitegemee, niwe nawafuata wateja nyumbani kwao kwa manikyua na pedikyua. Nina seti moja ya vyuma, beseni, na taa ya jeli niliyopewa na ndugu. Vyuma huwa navifuta kwa spiriti kila nikimaliza mteja. Mwenzangu ananishauri ninunue kile kisanduku chenye mwanga wa zambarau kinachoua vijidudu, lakini nikikinunua mtaji wangu wote unaishia hapo. Je, ninunue? Na kwa siku naweza kuhudumia watu wangapi, na nitoze vipi? Nimejaribu wateja wawili tu, safari zikanimaliza siku nzima. Mteja anayenisubiri wiki ijayo ni mama mtu mzima, ana kisukari, anataka nimkwangue magaga."*

Marahaba mdogo wangu. Kisanduku usikinunue. Mtaji wako ununulie seti nyingine tatu za vyuma na sufuria yenye mfuniko. Hilo ndilo jibu langu, na nitakueleza kwa nini, kwa sababu ukilielewa utajijibu mwenyewe hata hilo swali la wateja wangapi kwa siku. La yule mama nitaliacha mwishoni. Lenyewe linahitaji utulivu.

Mwanga wa urujuanimno kweli huua vijidudu, lakini huua pale tu unapogusa. Nipa, ile koleo ndogo ya kukatia, ina bawaba, ina meno yanayokutana, ina chemchemi katikati, na vyote hivyo vina kivuli. Ukiilaza ndani ya kisanduku, upande wa juu unapata mwanga, ila upande wa chini na ndani ya bawaba, ambako ndiko unga wa kucha na ngozi hujificha, mwanga haufiki. Isitoshe, vingi kati ya visanduku vinavyouzwa kwa bei nafuu vina taa dhaifu, na zambarau unayoiona kwa macho si kipimo cha nguvu yake. Kisanduku cha namna hiyo ni kabati la kuhifadhia vyuma ambavyo tayari ni visafi. Mteja akikiona anavutiwa, nakubali, lakini wewe usije ukakitegemea.

Na spiriti? Hapa ndipo wengi tunapokosea, nami nilikosea miaka yangu ya mwanzo. Kufuta chuma kwa pamba yenye spiriti kunafanya mambo mawili mabaya. Kwanza, unafuta uchafu kutoka mahali pamoja na kuusambaza pengine. Pili, spiriti inakauka ndani ya sekunde chache, na dawa yoyote inahitaji muda wa kukaa imelowana juu ya kijidudu ndipo imuue. Ndiyo maana spiriti ya asilimia 70 inafanya kazi vizuri kuliko ile kali ya asilimia 95: maji yaliyomo huichelewesha kukauka na kuisaidia kupenya. Hata hiyo ya asilimia 70 haipenyi tabaka la damu iliyokauka wala mafuta. Na damu ndiyo inayoniogopesha. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kubaki hai kwenye damu iliyokauka juu ya kitu kwa siku 7 au zaidi. Tone lenyewe laweza kuwa dogo usilione. Umemchubua mteja wa asubuhi kidogo pembeni ya kucha, umefuta, umekwenda kwa mteja wa mchana, naye ukamchubua vilevile. Hakuna atakayejua, mpaka labda miaka mingi baadaye.

Njia ninayowafundisha wanafunzi wangu ni ya zamani na haina gharama. Kwanza unaosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, mswaki mgumu, bawaba imefunguliwa, unasugua chini ya usawa wa maji ili matone yasikurukie usoni, na mkononi umevaa glavu nene za kuoshea vyombo. Kuosha ndiyo kazi kubwa. Chuma chenye uchafu hakiponi kwa dawa yoyote. Kisha unachemsha. Weka vyuma vyote sufuriani vikiwa vimefunguka, maji yavifunike kabisa, funika, subiri yachemke kwa nguvu, na hapo ndipo uanze kuhesabu dakika 20. Ukikumbuka kijiko cha kusukumia ngozi na kukitumbukiza dakika ya 12, hesabu inaanza upya. Mwisho toa kwa koleo safi, tandaza juu ya kitambaa safi, kausha mpaka ndani ya bawaba, ndipo ufunge. Chuma kikifungwa na unyevu kinashika kutu, na kutu ni vishimo vya kuficha uchafu. Ukiona madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kusuguliwa, chuma hicho kimestaafu.

Kuchemsha kunaua bakteria, fangasi na virusi, pamoja na vile vya homa ya ini na vya ukimwi. Kunachoshindwa ni mbegu ngumu za baadhi ya bakteria, ambazo zinahitaji mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121, kama zinavyofanya mashine za hospitali. Kwa kazi ya kucha, ambayo haikusudii kukata nyama, kuchemsha kunatosha kwa kuanzia, isipokuwa pale ambapo sheria ya mahali ulipo inadai mashine hiyo au dawa maalumu iliyosajiliwa. Uliza ofisi ya afya ya eneo lako kabla hujapata mteja wa tatu. Swali hilo halilipiwi, na jibu lake ndilo litakalokulinda siku mtu akilalamika.

Ikitokea damu imetoka, ongeza hatua moja mwanzoni. Loweka chuma kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10, kisha uoshe na kuchemsha kama kawaida. Kama dawa yako ya kung'arishia nguo imeandikwa asilimia 5, changanya kipimo kimoja cha dawa na vipimo tisa vya maji. Soma kibandiko, maana nguvu zinatofautiana. Tengeneza mpya kila siku, na usizidishe dakika, klorini inakula chuma. Wala usiichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, siki au amonia, kwa sababu inatoa hewa inayounguza mapafu.

Sasa unaona jambo lenyewe. Hakuna mteja atakayekuruhusu uoshe na kuchemsha vyuma jikoni kwake kwa nusu saa, na hata akiruhusu, usikubali. Kwa hiyo seti iliyotumika inarudi nyumbani ikiwa chafu. Mwenye saluni anaweza kuzungusha seti mbili siku nzima kwa sababu jiko na sinki viko pale pale. Wewe unayezunguka huwezi. Seti ulizobeba asubuhi ndiyo idadi ya watu utakaowahudumia siku hiyo, basi. Una moja, unamhudumia mmoja. Una nne, unawahudumia wanne.

Seti yenyewe si kubwa. Kwa mteja mmoja nahesabu kikata kucha, kijiko cha kusukumia ngozi, nipa moja, na tupa ya chuma kama unaitumia. Vinne tu. Kila seti iingie kwenye mfuko wake safi unaofungika, na mifuko yote ikae kwenye kisanduku kimoja. Beba kisanduku cha pili chenye mfuniko, rangi tofauti kabisa, cha vyuma vilivyotumika. Mfuko ufunguliwe mbele ya mteja, mkononi mwake ikiwezekana. Nimeona wateja wakimwita mtu tena kwa ajili ya kitendo hicho kimoja, wala hakikuhitaji mwanga wa zambarau.

Vitu visivyo vya chuma vina sheria nyingine. Tupa za karatasi, kijiti cha mti, sponji ya kung'arishia, vitenganishi vya vidole, jiwe la kusugulia nyayo: vyote vina vitundu, vinanyonya, na haviwezi kusafishwa vikasafika. Hivi ni vya mtu mmoja. Ama unavitupa, ama unamwachia mteja ndani ya mfuko wenye jina lake, avitumie mkija tena. Hili la pili linapunguza gharama yako, na pia linakupa sababu ya kurudi.

Kuhusu beseni nina habari njema. Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville huko Kalifornia, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yaliyokaa miezi. Wachunguzi walimkuta bakteria jamii ya yule wa kifua kikuu, anayeishi majini, ndani ya viti vya pedikyua vinavyozungusha maji. Nyuma ya vichujio vya maji kulikuwa kumejaa nywele na ngozi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anasafisha. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda ndio walioathirika zaidi, kwa kuwa wembe unaacha michubuko midogo. Beseni lako la plastiki halina mabomba wala vichujio. Lioshe kwa sabuni, lisuuze, lilowanishe kwa ile klorini kwa dakika 10, lisuuze tena, likauke, na kila mteja umtandikie mfuko wake mpya wa plastiki ndani. Kwa jambo hili wewe mwenye beseni umewazidi wenye viti vya fahari. Na mteja anapoweka miadi, mwambie asinyoe miguu siku moja kabla.

Tuje kwenye safari zilizokumaliza. Nitakuonyesha hesabu niliyoifanya na kijana mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa na tatizo lako hilihili. Alikuwa na wateja wanne kwa siku, kila mmoja upande wake. Pedikyua moja ilimchukua dakika 60. Kutandika na kukusanya vitu, dakika 20 kwa kila nyumba. Kungoja mteja amalize simu au ampokee mtoto, wastani wa dakika 10. Safari ya kutoka nyumba hadi nyumba, dakika 35, na 35 nyingine za kurudi kwake. Usiku dakika 50 za kuosha, kuchemsha, kukausha na kufunga. Tulipojumlisha tulipata dakika 585, yaani saa 9 na dakika 45. Kati ya hizo alikuwa analipwa saa 4 tu. Yeye alikuwa anatoza bei ileile ya saluni aliyotoka, akiongeza nauli peke yake, halafu anashangaa kwa nini mwezi hauishi vizuri.

Hatukupandisha bei kwanza. Tulibadili ratiba. Kila siku ikapewa eneo moja, na mteja aliyepiga simu akaambiwa siku ambayo fundi yupo upande wake. Kisha ikawekwa desturi ya watu wawili kwa nyumba: mama na binti, majirani wawili, marafiki wanaokutana. Wateja wanne walewale, sasa katika nyumba mbili zilizo karibu. Safari zikawa dakika 35 za kwenda, 10 katikati na 35 za kurudi. Kutandika na kukusanya mara mbili tu, dakika 40, pamoja na dakika 5 za kubadilisha mteja katika kila nyumba. Kungoja dakika 20. Kazi yenyewe dakika 240 kama zamani, na kuosha 50 kama zamani. Jumla dakika 440, saa 7 na dakika 20. Amekomboa zaidi ya saa mbili bila kumpoteza mteja hata mmoja. Tena zile saa mbili hakuzijaza wateja wengine. Alilala, maana mgongo wa mtu anayeinamia miguu nao una mpaka wake.

Bei ndiyo inafuata hapo. Gawanya siku nzima kwa wateja: katika ratiba ya kwanza kila mmoja alimgharimu dakika 146, katika ya pili dakika 110. Amua saa yako moja ina thamani gani kwako, zidisha kwa dakika hizo, si kwa zile 60 za kazi. Ongeza vitu vinavyokwisha, yaani rangi, asetoni, glavu, mifuko, tupa. Ongeza na kiasi kidogo cha kununulia vyuma vipya vya zamu ijayo. Utashangaa kuona bei imekaribia mara mbili ya saluni. Ndiyo hali yenyewe. Huduma ya kumfuata mtu ni ghali kwa sababu unauza na safari yako.

Namna ya kumwambia mteja bila kumtisha ni kutenganisha mambo mawili: bei ya kazi, kwa kila mtu, na ada ya kufika, kwa kila nyumba. Bei ya kazi iache karibu na ya saluni. Ada ya kufika ibebe safari, kutandika na kungoja. Mteja akiwa peke yake anailipa yote, wakiwa wawili wanagawana, wakiwa watatu ndiyo kabisa. Utaona wenyewe wanaanza kuitana. Na ada hiyo iombe kabla ya kutoka nyumbani kwako. Mtu akighairi ukiwa mlangoni kwake, angalau nauli haijapotea.

Kuna njia nyingine, nayo ni kuwapokea wateja kwako. Safari inakufa, sufuria iko hapo, hata seti mbili zinaweza kuzunguka siku nzima. Lakini unahitaji chumba chenye dirisha linalofunguka, maana asetoni na vumbi la kucha vinakaa hewani, sakafu inayopigika deki, maji ya kutosha, na nyumba ambayo wageni kuingia na kutoka hakuleti ugomvi. Mtoto mchanga akilala chumba hichohicho, mimi ningekataa. Wengi wanaodumu huchanganya: siku tatu za kuzunguka, siku mbili za kupokea.

Usiharakishe pia kujaza wiki kwa matarajio makubwa. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, ya mguu karibu nusu ya hapo. Ndiyo maana mteja wa pedikyua hana sababu ya kurudi kabla ya wiki nne hadi sita. Chukua tano. Ukihudumia wanne kwa siku, siku tano kwa wiki, unahudumia 20. Kwa hiyo ili wiki zote zijae unahitaji watu 100 wanaorudi, nyumba kama 50. Hao hawapatikani kwa mwezi mmoja. Kama bado una nafasi ya siku mbili tatu pale saluni, zishikilie kwanza.

Ile taa uliyopewa iweke kabatini kwa sasa. Jeli huingia kwenye kucha ikiwa majimaji yenye chembe ndogo, na mwanga wa taa ndio unaozifunga chembe hizo zikawa kitu kigumu. Kila jeli imetengenezwa kwa taa yake, kwa nguvu yake na dakika zake. Ukitumia taa usiyojua asili yake, juu panakuwa pagumu panang'aa, chini pamebaki pabichi. Chembe hizo mbichi zikigusa ngozi mara kwa mara, mwili wa mtu unaweza kuzikataa, hasa ile inayoandikwa HEMA kwenye kibandiko. Dalili ni muwasho pembeni mwa kucha, ngozi kupasuka, kucha kuachana na nyama yake, na wakati mwingine kope kuvimba kwa sababu mtu hujigusa usoni. Mzio huo ukishaingia hautoki. Aliyeupata anaweza kupata shida hata siku akizibwa jino, kwani vitu vya kuzibia meno vina jamaa wa chembe hizohizo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2020, uliamuru bidhaa za kucha zenye HEMA zitumiwe na mafundi tu. Na fundi mwenyewe ndiye anayezigusa kila siku kuliko mteja yeyote. Anza na rangi ya kawaida. Ukitaka jeli, nunua jeli na taa vya kampuni moja, ujifunze mbele ya mwalimu anayekuona mkono, uache ukingo mwembamba usiogusa ngozi, na ukiona imemwagikia ngozini uifute kabla ya kuwasha taa.

Ngozi ya mzizi wa kucha nayo isikatwe. Najua wateja wanapenda paonekane pamekwanguliwa. Ule utando mwembamba uliokufa juu ya kucha unaweza kuusukuma na kuukwangua taratibu, lakini mkunjo wa ngozi hai nyuma yake ndio mlango unaozuia maji na vijidudu visiingie kwenye kiwanda cha kucha. Ukiukata, baada ya siku mbili tatu kidole kinavimba, kinapwita, kinatoa usaha. Ukiitwa kwa mteja mwenye hali hiyo, usiiguse. Kucha nene iliyobadilika rangi na kumeguka huenda ni fangasi, na kuipaka rangi ni kuifunika tu. Kijani chini ya kucha iliyobanduka ni bakteria; ondoa kilichofunika, acha wazi, mtu aende zahanati.

Kuna na mstari mweusi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mistari ya kahawia inayopita kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida sana, usimtie mtu hofu. Ila mstari mmoja kwenye kucha moja, mpya, unaopanuka au weusi wake kumwagikia kwenye ngozi, hasa dole gumba la mguu au la mkono, unataka daktari wiki hiyohiyo. Bob Marley aligunduliwa saratani chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wewe utakuwa unatazama miguu ambayo wenyewe hawaitazami kwa karibu. Sema unachokiona kwa upole, usitaje ugonjwa, na mwambie mtu aende akaonwe.

Sasa yule mama. Wiki ijayo usimkwangue.

Kisukari cha muda mrefu hufanya mambo mawili miguuni. Huua mishipa ya fahamu polepole, mtu asihisi kama amechomwa, amekatwa au ameunguzwa. Na hupunguza damu inayofika huko, kidonda kisipone. Sasa chukua wembe wa kukwangulia magaga, upitishe nusu milimita zaidi. Mteja mwingine angeshtuka na kuvuta mguu. Yeye atakuwa anakusimulia habari za wajukuu wake. Kidonda utakigundua maji yakigeuka rangi, au asikigundue mtu mpaka kimeanza kunuka. Watu wamekatwa miguu kwa vidonda vilivyoanza hivi. Wembe huo, kwa maoni yangu, usiwe hata kwenye mkoba wako kwa mteja yeyote, ila kwake ni marufuku kabisa. Vivyo hivyo dawa za kuyeyusha sugu: zinakula ngozi, na yeye hatajua zimekula kiasi gani.

Mpigie simu, umuulize mambo matatu. Je, miguu inakufa ganzi au kuwaka moto? Amewahi kuwa na kidonda mguuni kilichochukua muda kupona? Na lini mara ya mwisho mhudumu wa kliniki alimvua viatu akamkagua? Akijibu ndiyo kwa mojawapo ya mawili ya kwanza, miguu yake ni kazi ya kliniki, na wewe unaweza kumfanyia mikono. Asipokumbuka kukaguliwa, kliniki inakuja kwanza, wewe baadaye. Uwezekano mkubwa ana siku yake ya kwenda; aombe tu miguu iangaliwe siku hiyo.

Wakimwambia miguu ina fahamu nzuri na damu inafika, nenda, lakini fanya kazi nyepesi. Kagua kwanza nyayo, visigino na katikati ya vidole kwenye mwanga mzuri. Ukiona kidonda, wekundu, uvimbe au sehemu moja yenye joto kuliko mguu mwingine, simama hapo. Maji yawe ya uvuguvugu, nyuzi kama 37, uyapime kwa kiwiko chako, kamwe usimuulize yeye kama ni moto. Dakika chache tu, kuloweka kwa muda mrefu kunakausha ngozi na kuzidisha mipasuko. Kausha kwa kugusagusa, hasa katikati ya vidole. Kucha zikate kwa mstari mnyoofu bila kuchimba pembe, au uzipunguze kwa tupa peke yake, ndiyo salama zaidi. Magaga yapake krimu yenye yurea ya asilimia 10 hadi 25, ila usiweke katikati ya vidole, unyevu wa pale huleta fangasi. Mwachie kopo, apake kila usiku. Baada ya wiki tatu au nne visigino vitakuwa vimelainika bila chuma kuvigusa. Kama mipasuko ni mirefu na inatoa damu, hata krimu ingoje mpaka mhudumu wa afya aione.

Huenda akasikitika, akakwambia fundi wake wa zamani alikuwa anamkwangua na hajawahi kupata shida. Mjibu kwamba unataka umhudumie miaka mingi, halafu umpake rangi nzuri mikononi.